Moyo Uliokwenda Mbio Kwenye Mwendokasi

Saa moja na robo asubuhi, basi la mwendokasi kutoka Kimara lilikuwa limeshajaa kiasi kwamba mlango unafungwa kwa kusukumana. Hamisi, kijana wa miaka 27, alisimama katikati, mkono mmoja umeshika bomba la juu na mwingine umebana begi kifuani. Alikuwa anakwenda kushuka Gerezani, kisha atembee hadi Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya simu alikoajiriwa. Walipoiacha Shekilango, moyo wake uliruka pigo moja. Aliusikia. Kisha ukaanza kwenda mbio.

Dakika mbili tatu tu, akaona hewa imekwisha ndani ya basi. Vidole vilikufa ganzi, midomo ikawa inamchoma kama aliyelamba pilipili, kifua kikabana, jasho jembamba likamtoka mgongoni. Watu waliomzunguka walikuwa palepale lakini aliwaona kama wako nyuma ya kioo. Kichwani lilibaki wazo moja: nakufa, kama baba.

"Mwanangu, una nini?" aliuliza mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha. Kisha akapaza sauti: "Jamani mpisheni, huyu kijana anaanguka!"

Hamisi hakuanguka. Aliteremshwa Manzese, akaingizwa kwenye bajaji, na alipofika hospitali alikuwa bado anahema kama aliyekimbizwa na nyuki.

Hamisi si jina la mtu mmoja. Kisa chake kimeshonwa kutokana na mambo yanayowapata wengi wenye hali hii, kuanzia siku ya kwanza hadi tiba. Wataalamu wa afya ya akili wanaliita tukio kama lile la asubuhi shambulio la hofu: wimbi la woga mkali linalopanda ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, kwa kawaida zisizozidi 10, likiambatana na dalili za mwili. Mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wengi duniani unaorodhesha dalili 13, na zikitokea 4 kwa pamoja zinatosha. Hamisi alikuwa na 7 au 8.

"Huna kitu"

Katika chumba cha dharura muuguzi alimkalisha, akampima. Mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika na presha 148 kwa 92. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole kilisoma asilimia 99. Tusiisahau namba hiyo ya mwisho, maana ndiyo baadaye itakayofungua fumbo lote: kijana anayelia kwamba amekosa hewa alikuwa na oksijeni tele kwenye damu.

Daktari aliagiza kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ilionyesha moyo unaopiga haraka lakini kwa mpangilio mzuri, bila dalili ya mshipa kuziba. Sukari ilikuwa sawa, damu ilikuwa ya kutosha. Ilipotimia nusu saa mapigo yalikuwa yameshuka hadi 90, na Hamisi alikuwa amechoka kama aliyebeba magunia.

"Huna kitu," daktari alimwambia. "Ni mawazo tu. Nenda nyumbani ukapumzike."

Daktari alikuwa sahihi kuhusu moyo. Kauli yake, hata hivyo, ilimwacha mgonjwa na fumbo kubwa kuliko alilokuja nalo. Mtu aliyejisikia roho inamtoka akiambiwa hana kitu, anabaki na njia mbili za kufikiri: ama vipimo vimekosea, ama anaugua jambo ambalo vipimo havilioni. Hamisi alishika yote mawili. Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita baba yake, mtu wa miaka 58, alishika kifua wakati wa futari na hakufika hospitali. Tangu hapo mama, aliye Tanga, alikuwa akimpigia simu kila jioni kumuuliza kama anakula vizuri na kama presha yake ameipima.

Kwa upande wa vipimo, inafaa kueleza kwa nini ni lazima vifanywe, hata kama baadaye kila mtu atasema ilikuwa hofu. Yapo maradhi yanayojifanya shambulio la hofu. Tezi ya shingoni ikizidisha kazi huuendesha moyo mbio na kuitetemesha mikono, lakini huendelea siku nzima na humkondesha mtu. Upungufu wa damu huleta kuhema. Yapo matatizo ya umeme wa moyo ambapo mapigo hupanda ghafla hadi zaidi ya 150 na kukata ghafla vilevile, kama taa inayozimwa kwa swichi, ilhali mapigo ya hofu hushuka polepole. Kushuka kwa sukari, pumu, bangi, na siku za kwanza za kuacha pombe pia huweza kuleta picha inayofanana. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu anapopanda ngazi au kubeba mzigo, yanayosambaa hadi mkono wa kushoto au taya, au yanayomfanya azimie kabisa, hayo hayasubiri maelezo ya saikolojia. Kwa mtu aliyepatwa mara ya kwanza, hakuna ujanja wa nyumbani wa kutenganisha, anakwenda hospitali.

Mwili ulifanya nini Shekilango?

Kinachotokea si ugonjwa wa moyo. Ni king'ora kilicholia bila moto.

Ubongo una sehemu ndogo yenye umbo la lozi, kazi yake kupima hatari kabla hata mtu hajafikiri. Ikiona hatari huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ipate damu, pumzi huongezeka ili misuli ipate oksijeni, jasho hutoka ili mwili usichemke. Ni maandalizi ya kumkimbia chui, nayo yana maana ukiwa na miguu na mahali pa kukimbilia. Ndani ya basi, huku umebanwa pande zote, mwili unapumua kwa ajili ya mbio ambazo hazikimbiwi.

Hapo ndipo asilimia 99 ya muuguzi inapopata maana. Mtu akihema haraka huku amesimama tu, haongezi oksijeni, kwa kuwa damu ilikuwa imeshajaa. Anachofanya ni kutoa nje hewa ya ukaa kupita kiasi. Hewa hiyo tumezoea kuiita uchafu, lakini mwili unahitaji kiasi chake kwenye damu. Ikipungua, damu hubadilika kidogo kikemikali, mishipa inayokwenda kwenye ubongo hubana, na neva za vidole na midomo huanza kurusha ishara ovyo. Matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi, michomo, wakati mwingine vidole kukakamaa, na lile la ajabu kuliko yote, kujisikia umekosa hewa. Mtu anahema zaidi ili aipate, na kadiri anavyohema ndivyo anavyozidi kuipoteza hewa ya ukaa. Zamani watu waliambiwa wapumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Siku hizi hawashauriwi hivyo, kwa sababu kama tatizo ni pumu au moyo kweli, mfuko unaweza kumuua mtu.

Na kuanguka? Wengi huogopa watazimia mbele za watu. Ili mtu azimie kwa kawaida presha inabidi ishuke, na katika shambulio la hofu presha hupanda, kama ile 148 ya Hamisi. Ndiyo maana anayejisikia kuzimia kwa hofu, mara nyingi sana, hazimii.

Kwa nini basi king'ora kililia asubuhi ile na si nyingine? Hakuna anayeweza kutaja sababu moja. Hamisi alikuwa amelala saa nne kwa wiki nzima, alikuwa na mkopo wa simu uliozaa mikopo mingine miwili, na kabla ya kutoka nyumbani alikunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu bila kutia kitu tumboni. Kafeini peke yake yatosha kuuruka moyo pigo moja. Mtu mwingine angelisikia pigo lile, akasema "huu uchovu", akaendelea kuangalia simu. Hamisi alilisikia na akamwona baba yake.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo mwanasaikolojia Mwingereza David Clark aliyoiweka katikati ya nadharia yake mwaka 1986. Alieleza kwamba shambulio hukua kwa mzunguko: dalili ya kawaida ya mwili inafasiriwa kuwa balaa, tafsiri inaleta hofu, hofu inaongeza dalili, dalili inathibitisha tafsiri. Mduara ukizunguka mara tatu au nne, mtu yuko kileleni.

Kuogopa hofu yenyewe

Shambulio moja si ugonjwa. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliofanywa katika nchi 25 chini ya mwavuli wa Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba watu wapatao 13 katika kila 100 hupatwa na shambulio la hofu walau mara moja maishani. Waliofikia kiwango cha ugonjwa walikuwa chini ya 2 katika 100. Ugonjwa huanza pale mashambulio yanaporudi bila kutarajiwa, na kwa mwezi mmoja au zaidi mtu akawa anaishi kwa kuyasubiri, au amebadili maisha yake ili yasimkute.

Hamisi alibadili maisha yake kwa kasi ya kushangaza. Siku tatu baadaye alipanda mwendokasi, akasikia moyo unaanza, akashuka Ubungo. Alipokanyaga nje, hofu ilikata. Afueni ile ilikuwa tamu, na ilimfundisha somo la uongo: nimepona kwa sababu nimeshuka. Wiki iliyofuata akawa anapanda bodaboda hadi Kariakoo, nauli ikala zaidi ya robo ya mshahara. Kisha akaacha kuingia kwenye lifti. Kisha msikitini akawa anaswali safu ya mwisho, karibu na mlango. Alitembea na chupa ya maji asiyoyanywa, vidole viwili vikigusa shingo kuhesabu mapigo hata akiwa anamhudumia mteja. Alipatwa tena mara sita katika wiki tano, moja ikiwa usiku wa manane usingizini, jambo linalotokea kwa wagonjwa wengi na linalowatisha kuliko yote.

Msaada ulikuja kutoka kila upande. Mama alipanda basi kutoka Tanga. "Baba yako naye alianza hivihivi," alisema, akampeleka kwa mzee mmoja aliyemwandikia kombe na kusema kijana ametupiwa kitu na watu wa kazini. Rafiki wa duka la jirani alikuja na lake: "Kaka, meza hiki, utatulia." Ilikuwa valiamu, miligramu 5, imenunuliwa duka la dawa bila karatasi ya daktari.

Valiamu ilifanya kazi, na hilo ndilo tatizo lake. Ndani ya saa moja mwili ulilegea, na Hamisi akawa habanduki na kidonge mfukoni. Dawa za jamii hiyo zikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huzizoea na kudai zaidi. Aliyezoea akiziacha ghafla hofu hurudi kwa nguvu, na anaweza hata kupata degedege, hivyo hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka: kila safari aliyoimaliza salama, sifa ilikwenda kwa kidonge. Ubongo haukupata nafasi ya kugundua kwamba hata bila kidonge asingekufa.

Kliniki

Aliyemfungulia njia alikuwa dada yake, mwalimu wa sekondari Morogoro, ambaye mwenzake kazini aliwahi kutibiwa tatizo hilohilo. Hamisi alikataa kwanza. "Mimi siyo chizi, dada." Dada hakubishana. Alimwambia aende mara moja, asikilize, asiporidhika asirudi. Kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za mikoa, na Muhimbili kuna idara kamili. Wataalamu ni wachache, foleni ni ndefu, lakini mlango upo.

Mwanasaikolojia, mama wa makamo, hakuanza na ushauri. Aliuliza kuhusu ile asubuhi, dakika kwa dakika: ulisikia nini kwanza, kisha ukawaza nini, kisha mwili ukafanya nini. Alipofika kwenye wazo la baba alinyamaza kidogo, akampa pole. Kisha akachora duara kwenye karatasi na kuweka kila kitu mahali pake. Hamisi aliiangalia ile karatasi muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba ana kitu, na kwamba kitu hicho kina jina.

Alimtuma pia kupima tezi ya shingoni, ambayo haikuwa imepimwa. Ilikuwa sawa. Baada ya hapo waliafikiana kwamba vipimo vya moyo vimetosha. Kupima tena na tena humtuliza mgonjwa siku mbili, kisha shaka hurudi na kudai kipimo kingine.

Daktari wa akili aliandika setralini, dawa ya kundi linalotumika pia kutibu sonona. Hailevyi wala haizoeleki kama valiamu, lakini haina haraka: nafuu huonekana baada ya wiki 4 hadi 6. Alianza na miligramu 25, nusu ya kidonge, na baada ya wiki akapanda hadi 50. Sababu ya kuanza chini ni kwamba siku za mwanzo dawa inaweza kuongeza wasiwasi, kichefuchefu na kukosa usingizi. Asiyeonywa huitupa siku ya nne akisema imemzidishia. Daktari alimwonya vilevile kwamba, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yakijitokeza mwanzoni mwa dawa hizi ni lazima yaripotiwe mara moja. Akipata nafuu, dawa itaendelea miezi kadhaa, mara nyingi hadi mwaka, ndipo ipunguzwe kidogo kidogo.

Wengine hupona kwa mazungumzo pekee, wengine kwa dawa pekee. Hamisi alipewa vyote viwili, na sehemu iliyomshangaza ilikuwa ya mazungumzo, kwa sababu kumbe si mazungumzo tu.

Dakika moja ya mrija

Katika kikao cha tatu mwanasaikolojia alimwomba asimame, apumue haraka na kwa nguvu kwa dakika moja. Sekunde 40 zilipopita Hamisi alishika meza. "Ndiyo yenyewe!" alisema. Ganzi ya vidole, midomo, kizunguzungu, watu nyuma ya kioo, vyote vilikuwa vimerudi, ofisini, saa tano asubuhi, bila basi na bila maradhi.

"Nani amekuletea?" mama yule alimuuliza.

Hamisi alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alikuwa amejiletea mwenyewe kwa kuhema, na dakika tatu baadaye vilikuwa vimeondoka bila kidonge wala chupa ya maji.

Zoezi hilo ni moja kati ya kadhaa. Mengine ni kupumua kwa dakika moja kupitia mrija mwembamba wa soda huku pua imebanwa, kuzunguka kwenye kiti hadi kichwa kiwe tungi, au kukimbia papo kwa papo hadi moyo udunde. Lengo si kumtesa mgonjwa. Anazileta dalili kwa makusudi, mara nyingi, hadi ubongo uchoke kuziitikia kama hatari. Aliye na pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au ujauzito hafanyi hayo bila ruhusa ya daktari, na si mambo ya kujaribu peke yako kabla hujapimwa.

Kisha ikaja ngazi. Walikaa na kalamu wakaandika mambo anayoyakimbia, kila moja na alama ya hofu kuanzia 0 hadi 100. Kusimama kituo cha Kimara dakika 20 bila kupanda: 30. Kupanda mchana, basi tupu, vituo viwili: 45. Kufika Ubungo: 55. Kuvuka Manzese, pale alipoteremshwa: 75. Kwenda hadi Gerezani saa moja asubuhi, amesimama katikati, bila chupa na bila kugusa shingo: 95.

Kanuni ilikuwa moja, na ndiyo inayoikosha tiba hii ikivunjwa: usishuke hofu ikiwa juu. Ukishuka kileleni, ubongo unaandika tena kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Ukibaki, adrenalini inapungua yenyewe, kwa kuwa mwili hauwezi kuimwaga bila kikomo. Safari ya kwanza ya kuvuka Manzese, Hamisi aliandika kwenye daftari lake: Shekilango 80, Urafiki 85, Manzese 85, Magomeni 60, Jangwani 40. Alishuka Gerezani shati limelowa. Safari ya nne kwenye njia ileile alianzia 50.

Haikuwa mteremko wakati wote. Wiki ya sita alirudi nyuma. Mkopeshaji alikuwa ametuma ujumbe kwa watu wote waliomo kwenye simu yake, na asubuhi iliyofuata alishuka Kibo akitetemeka. Mwanasaikolojia aligundua jambo jingine: katika safari zote alizofaulu alikuwa anasoma dua kimoyomoyo, mfululizo, bila kupumzika. "Dua ni yako na Mola wako, endelea nayo," alimwambia. "Ila jiulize, unaomba au unaishika kama ile chupa?" Hamisi alikiri kwamba anaishika kama chupa. Tangu hapo aliomba kabla ya kupanda na baada ya kushuka, na ndani ya basi akaangalia dirishani.

Kuhusu mama, walimwita kikao kimoja. Alielezwa duara lile, na kwamba kila simu ya "umepima presha?" ilikuwa inalizungusha. Aliuliza maswali mengi kuliko mwanawe. Mwisho akasema atakuwa anamuuliza habari za kazi.

Kilichobaki

Hali hii si mpya. Daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliieleza mwaka 1871 kwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamikia mapigo ya moyo na maumivu ya kifua ilhali mioyo yao haikuwa na kasoro. Ilichukua zaidi ya miaka 100, hadi 1980, kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kuiandika kama ugonjwa unaojitegemea. Kwa Kiswahili bado haina jina linalojulikana mtaani. Mgonjwa husema moyo unamwenda mbio, ana presha, ana gesi iliyopanda kifuani, au ametupiwa jini, na kwa hiyo huishia katika kila chumba isipokuwa kile kinachohusika.

Tiba nayo ina mipaka. Wapo wanaomaliza vikao 12 na bado wanapata mashambulio, ingawa machache. Wapo wanaobadilishiwa dawa mara mbili kabla ya kupata inayowafaa. Na aliyepona anaweza kupatwa tena. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutibu maradhi ya akili uliongezewa sehemu ya magonjwa ya wasiwasi mwaka 2023. Maana yake ni kwamba muuguzi wa kituo cha afya aliyefundishwa anaweza kulichora duara lile kwa mgonjwa bila kumngoja bingwa.

Hamisi alimaliza vikao 12 katika miezi minne. Aliacha vinywaji vya kuongeza nguvu na akakaa na mwajiri wake kupanga namna ya kulipa madeni. Mwezi wa nane, msibani Temeke, wakati maiti inasaliwa, moyo wake uliruka pigo moja, na mwili ukaanza kupanda ngazi zilezile. Alibaki kwenye safu. Hakugusa shingo. Baadaye alimweleza dada yake kwamba alihesabu, na lilidumu dakika sita.

Kwa msomaji aliyejiona katika ukurasa huu, mpangilio ni huu: kwanza hospitali, ili moyo, damu, sukari na tezi vipimwe mara moja na ipasavyo. Vikiwa salama na hali ikarudi, muulize daktari huyohuyo akuandikie rufaa ya kliniki ya afya ya akili, na umtajie neno shambulio la hofu. Hamisi bado anameza nusu ya kidonge kila asubuhi wakati dawa inapunguzwa, na anapanda mwendokasi la saa moja.